Likeni za miembe kando ya barabara ya Chake–Mkoani: kutenganisha moshi, mwanga na vumbi

Ukisimama kando ya barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani, kisiwani Pemba, upande wa kaskazini ya Mtambile, ukatazama shina la mwembe ulio karibu na lami, utaona mabaka ya kijivu yaliyogandamana na gome kama rangi iliyopakwa. Ingia shambani hatua mia na ushei, ukatazame mwembe wa umri huohuo. Mabaka ya kijivu yamepungua, na badala yake kuna utando mweupe au wa kijani uliochorwa vistari vyeusi vifupi vifupi, mfano wa mwandiko wa mtoto anayejifunza alifu. Watu wa mashamba huita vyote hivyo ukoga wa mti. Kwa baiolojia ni likeni: kuvu na mwani vinavyoishi pamoja katika mwili mmoja, kuvu akijenga nyumba na mwani akipika chakula kwa mwanga wa jua.

Mwenye kusoma kidogo habari za likeni akiona tofauti ile atasema papo hapo kuwa ni moshi wa magari. Ripoti hii inaeleza kwa nini jibu hilo, kwa mstari wa vipimo unaotoka barabarani kuingia shambani, mara nyingi huwa limewahi mno, na namna tunavyopanga kazi ili kinachosemwa kuwa ni moshi kiwe kweli ni moshi.

Msingi wa kipimo chenyewe haubishaniwi. Likeni haina mizizi, wala haina ngozi ya nta inayolinda kama jani la mwembe. Maji na madini yote inayotumia huyapata kwa mvua, umande na vumbi linaloiangukia, na haichagui kati ya kinachofaa na kinachodhuru. Mwaka 1866 mtaalamu wa Kifini, Nylander, alieleza jinsi likeni zilivyokuwa zikitoweka mjini Paris huku zikibaki katika bustani ya Luxembourg, akalihusisha jambo hilo na hewa. Mwaka 1970 Hawksworth na Rose wakatoa ngazi ya kukadiria dioksidi ya salfa kwa likeni za miti ya Uingereza na Wales. Ngazi hiyo haifai kuletwa Pemba kama ilivyo. Ilitungwa kwa aina za huko, kwa miti ya huko na kwa moshi wa makaa ya mawe. Barabara yetu hutoa zaidi oksidi za naitrojeni, masizi ya dizeli na vumbi, na aina za likeni zilizo kwenye miembe yetu ni nyingine kabisa.

Tulianza na mti. Unguja na Pemba miti ya barabarani ni minazi, mikarafuu, miembe na mivinje, na kwa kazi hii ni mmoja tu unaofaa bila ya taabu kubwa. Mvinje hubambuka gome kwa vipande, na likeni huanguka pamoja nalo. Mnazi una shina lenye makovu ya makuti na ngozi ngumu inayokauka upesi, tena wakwezi huukata vidato. Mkarafuu ungekuwa mzuri, kwani Pemba umejaa, lakini mingi hugawanyika mashina tangu chini, na wakati wa mavuno wachumaji huparamia kwa miguu na kamba, wakasugua gome pale pale tunapotaka kuhesabu. Ukihesabu mkarafuu uliochumwa, umehesabu nyayo za wachumaji. Kwa hiyo tunabaki na mwembe: gome lake halibambuki ovyo, shina lake ni moja kwenda juu, na unapatikana kando ya lami na ndani ya shamba vilevile. Usichanganye miti. Kila mti una gome lenye uchachu wake na unyevu wake, na kuchanganya miembe na mikarafuu katika mstari mmoja ni kupima miti ukidhani unapima hewa.

Hata miembe haifai yote. Tunachukua yenye mzunguko wa shina kati ya sentimita 100 na 200, ukipimwa kwenye urefu wa kifua. Midogo kuliko hapo gome lake bado laini na likeni hazijapata muda wa kutosha. Mikubwa sana ina mipasuko mirefu inayoshika maji, na ngazi ya kuhesabia, yaani kimia cha uzi chenye miraba tunachokifunga shinani, hailali sawa. Shina liwe wima au limeinama kidogo mno. Shina lililoinama hupata mvua upande wa juu na kukosa chini, na pande zake mbili huwa kama miti miwili tofauti.

Kisha yapo mambo ya binadamu, na hapa ndipo miti mingi hupotea. Miti ya kando ya barabara hupakwa chokaa. Chokaa ikishaoshwa na mvua za miaka miwili mitatu haionekani kwa mbali, lakini ukitazama ndani ya mipasuko ya gome kwa kioo cha kukuzia utakuta chembe nyeupe zilizobaki. Mti huo unauacha, kwani gome lake limepungua uchachu na likeni zilizoota juu yake zinasimulia habari za chokaa. Mti wenye misumari ya mabango unauacha. Mti ulio karibu na jiko la mama lishe, tanuri la mkaa au tanuri la chokaa unauacha, na tumejiwekea mita 50 kuwa ndio mpaka. La ng'ombe ni gumu zaidi kuligundua. Mzee mmoja mwenye shamba, alipoona tunafunga ngazi kwenye mwembe mzuri kabisa, alisema, "Hapo ndipo anapofungwa ng'ombe kila siku, wanangu, tangu enzi za marehemu baba." Mkojo wa mnyama hutoa amonia, na amonia huwapa nguvu aina zilezile za likeni zipendazo naitrojeni ambazo mtu angezihesabu kuwa dalili ya magari. Kwa hiyo kumwona sheha na kuzungumza na mwenye shamba kabla ya kugusa mti si adabu peke yake, ni sehemu ya kipimo.

Upande wa barabara una maana. Kipande kile cha barabara kinakwenda takriban kaskazini na kusini. Kaskazi hutuvumia kutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka kusini-mashariki, na kwa kuwa pepo zote mbili zina mashariki ndani yake, upande wa magharibi wa barabara ndio unaopokea moshi na vumbi sehemu kubwa ya mwaka. Mstari wetu tunauweka magharibi. Anayetaka kuthibitisha kuwa upepo unahusika aweke mstari wa pili mashariki mwa barabara. Kama dalili zinatokana na magari, ziwe hafifu upande huo.

Vituo tunaviweka mita 5, 15, 30, 60, 120 na 240 kutoka ukingo wa lami. Vinabanana mwanzoni na kutawanyika mbele kwa sababu hewa chafu ya barabarani haipungui sawasawa. Oksidi za naitrojeni hushuka haraka ndani ya mita 100 za mwanzo, na kwa kawaida kufikia mita 200 hivi zimerudi kwenye hali ya mahali penyewe. Anayeweka vituo kila baada ya mita 50 atakosa karibu mteremko wote. Umbali tunaupima kwa futi kamba kutoka lami, hatutegemei simu. Chini ya miembe simu hukosea mita kadhaa, na kosa la mita tano kwenye kituo cha mita 5 linaharibu kituo chenyewe. Kila kituo kina miembe mitatu. Mwembe haupatikani penye alama hasa, hivyo tunaruhusu kwenda kando sambamba na barabara hadi mita 40, ila umbali kutoka lami haubadiliki.

Sasa tuje kwenye lile lililotufanya tuandike. Mwembe ulio ukingoni mwa barabara una jua upande mmoja, kwa sababu barabara imefungua uwazi. Mwembe wa mita 120 umo ndani ya mikarafuu na migomba, kivulini na penye unyevu. Likeni zinatofautiana sana kwa mwanga. Zile za vistari kama mwandiko, jamii ya *Graphis*, mwani wake mara nyingi ni *Trentepohlia*, ambao hupenda kivuli na unyevu. Zile za kijivu zenye umbo la jani, kama *Dirinaria picta* na *Pyxine cocoes*, hupenda jua. Hata kama lisingepita gari hata moja, mwembe wa ukingoni ungekuwa na *Dirinaria* na *Pyxine*, na wa ndani ungekuwa na *Graphis*. Aina hizo mbili za kijivu ndizo zinazojulikana katika miji ya nchi za joto kuwa zinastahimili hewa chafu, na kwa hiyo mtego umekamilika: dalili ya jua na dalili ya moshi zimevaa kanzu moja.

Njia tuliyoiona inafaa ni kutafuta ukingo mwingine wenye jua lilelile lakini usio na magari. Pemba imetupa jambo hilo bila ya gharama, kwa vile nchi yake ni vilima na mabonde, na penye bonde la mpunga kilima chenye miembe na mikarafuu hukatika ghafla, uwazi ukaanza. Mwembe ulio ukingoni mwa bonde la mpunga unapata jua kama ule wa barabarani. Tunachagua bonde ambalo uwazi wake pia uko upande wa mashariki ya miti, lililo mbali na barabara kubwa kwa zaidi ya nusu kilomita, na tunaweka mstari wa pili kwa vituo vilevile, mita 5 hadi 240 kutoka ukingo wa mpunga kuingia shambani. Huo ndio mstari wa kulinganishia. Bonde lina kasoro yake: asubuhi lina ukungu na unyevu zaidi ya barabara. Kasoro hiyo haiondoki, lakini inajulikana inakoelekea. Itaupa mstari wa bonde likeni zaidi kidogo, na kwa hiyo itakufanya uione barabara mbaya kuliko ilivyo. Tofauti ndogo basi isipewe uzito.

Mistari miwili, vituo sita, miembe mitatu kila kituo, ni miembe 36. Mwembe mmoja ukifanywa vizuri huchukua dakika 40, kwa hiyo ni saa 24 za kuhesabu, bila ya kutembea na bila ya mvua. Watu wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika, hufanya kwa siku tano au sita. Tunafanya kazi kiangazi, kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishakauka. Likeni iliyolowa hugeuka kijani kwa sababu ngozi yake inakuwa kama kioo na mwani wa ndani unaonekana. Aina ya kijivu kavu unaweza kuiita aina nyingine ikiwa mbichi, na eneo lake likaonekana kubwa. Ukianza kituo cha kwanza jua kali na kumaliza cha sita baada ya manyunyu, umeunda tofauti ambayo haipo.

Chombo cha kuhesabia ni ngazi ya sentimita 10 kwa 50, iliyogawanywa miraba mitano ya sentimita 10 kwa 10. Tunaitengeneza kwa uzi wa nailoni na vijiti viwili vya waya mgumu juu na chini, ili ilale kwenye mviringo wa shina. Ngazi ya mbao haifai, kwani hugusa katikati tu na pembeni ikaning'inia, nawe ukahesabu kwa kukisia. Inafungwa pande nne, kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, ukingo wake wa chini ukiwa mita moja kutoka ardhini. Chini ya hapo matone ya mvua hurusha udongo shinani na mbuzi hujisugua. Kama upande fulani una kovu, fundo au mkondo wa maji yanayoteremka kutoka panda ya tawi, sogeza ngazi kidogo kulia au kushoto, isizidi nyuzi 20 kwa dira. Mkondo wa maji huwa na likeni zake na koga zake, tofauti na shina lililobaki.

Kwa kila ngazi, kila aina unaipa nambari ya miraba ambamo imeonekana, kuanzia 0 hadi 5. Haijalishi kama imejaa mraba mzima au imeshika pembe kama ukucha. Kwa hiyo aina moja ikienea pande zote nne itapata 20. Jumla ya nambari za aina zote ndiyo thamani ya mti. Njia hii ya ngazi na pande nne ni ileile inayotumika Ulaya kwa kiwango chao cha mwaka 2014, na sababu ya kuipenda ni kwamba watu wawili wakihesabu mti mmoja hukaribiana. Kukisia kwa macho kuwa "hapa pamefunikwa asilimia 40" hakukaribiani kamwe.

Eneo lililofunikwa tunalipima kivyake. Tunalaza juu ya ngazi karatasi ya nailoni ya wazi yenye nukta 100 zilizotiwa kwa wino usiofutika, 20 kila mraba, na kuhesabu nukta zinazoangukia likeni. Nukta 37 ni asilimia 37. Tunazo sababu za kutaka nambari zote mbili. Barabarani eneo linaweza kuwa kubwa na aina zikawa chache, pale *Dirinaria* moja iliponenepa ikajaza shina. Anayepima eneo peke yake ataandika kuwa mti huo una afya.

Kutambua aina kunawatisha wengi, na hakuna haja ya kujua jina la kila moja. Aina usiyoijua ipe alama, ipige picha pamoja na rula, na utumie alama hiyohiyo mistari yote. Ila *Dirinaria picta* na *Pyxine cocoes* lazima zitenganishwe na zijulikane, kwani ndizo zinazobeba hoja, na kwa macho ni ndugu. Zote ni za kijivu, majani yake ni membamba, yamelala gomeni na yana unga wa kuzalia. Unga wa *Dirinaria* umekusanyika katika vilima vya mviringo juu ya jani, kama chembe za sukari zilizomiminwa. Wa *Pyxine* huanzia zaidi pembeni mwa majani. Ukiinua ukingo kwa ncha ya kisu, *Pyxine* ina vinyweleo vyeusi chini, *Dirinaria* haina. Kwa hakika zaidi tumia tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ndogo ya nanomita 365 inayotumika kukagua noti. Jifunike na tochi ndani ya kanga nzito au koti ili kuwe na giza: uso wa *Pyxine cocoes* unang'aa njano, wa *Dirinaria picta* haung'ai njano. Tone la potasi, yaani maji yenye asilimia 10 ya haidroksidi ya potasiamu, huugeuza uso wa *Dirinaria* njano na hauubadilishi wa *Pyxine*. Potasi hiyo huunguza ngozi na macho. Tone moja kwa kijiti cha meno linatosha, na lisitiwe ndani ya ngazi bali kwenye likeni ya pembeni.

Kosa jingine la kawaida ni kuhesabu kisichokuwa likeni. Mwani wa rangi ya chungwa unaoota peke yake kwenye gome lenye unyevu huonekana kama likeni ya unga. Ukisugua kwa kidole hutoka wote kama poda, na kwa kioo cha kukuzia unaona nyuzinyuzi. Likeni ya mwandiko, ukiikwaruza kidogo kwa kisu, hutoa rangi ya njano ya chungwa chini ya ngozi nyeupe, na ngozi hiyo ndiyo kuvu.

Vumbi nalo lina sura yake. Barabara kubwa ina lami, lakini kingo zake na njia zinazoingia vijijini ni za kifusi cha mawe ya matumbawe, na vumbi lake ni chokaa tupu. Likitua gomeni hupunguza uchachu, na likeni zipendazo gome lisilo chachu huongezeka bila ya moshi wowote. Kupima, futa shina nje ya ngazi kwa brashi, vumbi likusanyike kwenye kijiko, kisha litie tone la ndimu. Likitoa vipovu, utazame kwa kioo cha kukuzia, ni la matumbawe. Kwa kipimo cha nambari tunachukua gramu 0.5 za magamba makavu ya gome yasiyo na likeni, kutoka nje ya ngazi, tunayaloweka kwa saa moja ndani ya mililita 10 za maji safi yaliyokenekwa, huku tukitikisa, halafu tunapima pH, nambari inayopanda uchachu unapopungua. Maji ya betri ya dukani yanafaa, ila usome kibandiko mara mbili: yanauzwa karibu na asidi ya betri, na chupa zinafanana. Pima kwanza maji yenyewe. Kama gome la mita 5 lina pH juu zaidi ya gome la mita 60 kwa 1 au zaidi, na bondeni hakuna tofauti hiyo, basi vumbi limo katika matokeo, na usiyaandike yote kwa jina la moshi.

Namna nambari zinavyosomwa, tuuchukue mti mmoja kwa mfano wa kuhesabia. Mwembe wa mita 5 kutoka lami, mzunguko sentimita 148. *Dirinaria picta* imepata kaskazini 2, mashariki 5, kusini 4, magharibi 3, jumla 14. *Pyxine cocoes* 1, 4, 3, 1, jumla 9. *Graphis* aina moja 3, 0, 0, 2, jumla 5. Likeni ya unga wa kijani 1, 0, 1, 2, jumla 4. Thamani ya mti ni 32. Upande wa mashariki, unaotazama barabara, una 9, lakini ni wa aina mbili peke yake. Pande nyingine zina 7, 8 na 8, nazo zimechanganyika. Tayari thamani peke yake imeficha jambo.

Tuseme wastani wa kituo hicho umetoka 32 vilevile, na kituo cha mita 120 kimetoka 41. Pengo la 9 linavutia. Sasa bondeni: mita 5 kutoka mpunga wastani ni 35, mita 120 ni 43. Bonde lisilo na gari lina pengo la 8. Hesabu ya barabara ni pengo lake ukitoa pengo la bonde:

```
(32 - 41) - (35 - 43) = -9 - (-8) = -1
```

Kilichobaki kwa barabara ni 1, na miti mitatu ya kituo kimoja hutofautiana yenyewe kwa yenyewe zaidi ya hapo. Bila ya mstari wa bonde, ripoti ingesema moshi umeondoa 9. Kumbuka pia kuwa kinachohesabiwa kama sampuli moja ni mti. Ngazi nne za mti mmoja ni pande za shina moja, na anayezifanya sampuli nne atapata uhakika wa uongo kwenye hesabu zake.

Je, ina maana barabara haina athari? Hapana, ina maana jumla si chombo chenye makali ya kutosha hapa. Tunapotazama ni kwenye likeni zinazopenda jua lakini hazivumilii uchafu. Kwa miembe yetu mfano ni *Parmotrema*, yenye majani mapana kama kucha za mkono, kingo zake zimeinuka na chini ni nyeusi, na zile zinazoning'inia kama nyuzi au kanda, *Usnea* na *Ramalina*. Hizi zina kila sababu ya kuwepo kwenye ukingo wenye jua. Zikiwepo ukingoni mwa mpunga na zisiwepo ukingoni mwa lami, mwanga hauwezi kulaumiwa, kwani mwanga ni mmoja. Kwa hiyo katika karatasi yetu ipo safu ya kundi hili peke yake, na kulinganisha kwa mita 5 ya barabara na mita 5 ya bonde ndiko kunakobeba uzito kuliko mteremko wa kutoka mita 5 hadi 240. Tahadhari moja: *Ramalina* huvutwa na hewa ya chumvi, kwa hiyo mistari miwili iwe kwa umbali unaokaribiana kutoka baharini. Mstari mmoja ukiwa karibu na ghuba ya mikoko na mwingine katikati ya kisiwa, umepima bahari.

Dalili nyingine ni hali ya mwili wa likeni yenyewe, ambayo hesabu ya miraba haiioni. *Parmotrema* inayoumwa hupauka kuanzia katikati au huwa na madoa ya kahawia na waridi, kingo zake hukunjamana, na ikiloweshwa kwa maji ya chupa ya kunyunyizia haigeuki kijani kama nzima. Tunanyunyiza baada ya kumaliza kuhesabu, tunangoja dakika mbili, na kuandika kwa kila mraba kama iliyomo imegeuka kijani yote, nusu au haikugeuka. Masizi huonekana kama weusi uliokaa ndani ya mikunjo, na kitambaa cheupe kilicholowa hutoka cheusi kikifutwa gomeni kando ya ngazi. Likeni iliyotafunwa na konokono ina michirizi myeupe ya kukwanguliwa, na hiyo isihesabiwe kuwa ugonjwa wa hewa.

Magari tunayahesabu dakika 15 katika kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku ya kazi na siku ya Ijumaa, tukitenga malori, gari za abiria, gari ndogo na vyombo vya magurudumu mawili. Hesabu hiyo inasema ya leo. Likeni inasema ya miaka, kwani nyingi hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka, na zile za utando hata pungufu. Barabara iliyotiwa lami juzi bado ina likeni za zama za kifusi. Ndiyo sababu mstari wa likeni hauwezi kutoa kiwango cha oksidi za naitrojeni kwa mita ya ujazo wa hewa, wala kusema lini gari ziliongezeka; unaweza kusema mahali hapa pamezidiwa kuliko pale, na kama hali inasogea ukirudi.

Kurudi tunakupanga tangu siku ya kwanza, baada ya miaka mitatu na kuendelea. Miti haipakwi rangi, maana rangi hiyo itakuwa chokaa ya watu wengine. Kila mwembe una karatasi yake: umbali kutoka lami, mzunguko, dira ya kila ngazi, picha ya kila upande na ngazi ikiwa imefungwa, na picha moja ya mti mzima pamoja na kitu kisichohama, kama mlango wa nyumba au nguzo ya umeme. Nakala moja tunamwachia mwenye shamba, ili akikusudia kuukata au kuupaka mti chokaa, aandike tarehe pembeni.